Shilingi 3,000 na oda tatu

Mwenzangu kazini alikuwa keshachora mchoro ubaoni kabla sijavuta kiti. "Kaka, oda ni waraka mmoja. Jina la mteja, bidhaa, bei, malipo, vyote ndani. Tutumie MongoDB, tumalize."

Tulikuwa tunamjengea mfumo mfanyabiashara wa Nairobi anayenunua mboga soko la Marikiti usiku na kuwafikishia mama mboga wa Kangemi na Kawangware kabla hakujakucha. Mchoro ule ulikuwa sahihi kabisa kwa swali moja, la dereva. Akifika kibandani anafungua oda, anaisoma nzima, anashusha mzigo. Waraka mmoja, usomaji mmoja.

Mimi huwa sichagui hifadhidata kabla sijajua itaulizwa nini, mara ngapi, na nani. Tukakaa na mwenye mali atusimulie siku yake. Saa nne usiku anataka kujua anunue kreti ngapi za nyanya kwa oda zote za kesho. Hilo hifadhidata ya nyaraka kama MongoDB inaliweza: unafumua orodha za bidhaa kwa `$unwind`, unajumlisha kwa `$group`, basi. Kwa hiyo halikuamua lolote. Lililoamua ni jambo alilolitaja akiwa tayari ameshika mlango: "Hawa akina mama hawalipi oda. Wanapunguza deni."

Chukua mteja mmoja wa Kangemi. Jumatatu alichukua mzigo wa shilingi 1,450, Jumatano 2,100, Ijumaa 980. Jumamosi anatuma 3,000 kwa M-Pesa. Pesa hizo zinamaliza oda ya Jumatatu, zinaingia 1,550 kwenye ya Jumatano, na anabaki na deni la 1,530. Sasa niambie, malipo hayo yanakaa ndani ya waraka upi? Ukiyagawa kwenye nyaraka mbili, hakuna mahali palipoandikwa kwamba 3,000 ziliingia kwa mkupuo mmoja. Ukiyaweka kwenye waraka wa mteja, kila oda inabidi ikaulize kule kama imelipwa. Na mteja akisema alikosea namba, muamala ukarudishwa, lazima uzifuate nyaraka zote zilizoguswa uzirekebishe pamoja. MongoDB ina miamala ya nyaraka nyingi tangu toleo la 4.0 la 2018, kwa hiyo inawezekana. Ila haina ufunguo wa kigeni, yaani kanuni ya hifadhidata yenyewe inayolazimisha rekodi moja irejelee nyingine iliyopo kweli, na usahihi wote unabaki mikononi mwa programu yako.

Kwenye PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, uhusiano wenyewe ukawa jedwali:

```sql
CREATE TABLE mgao (
  malipo_id bigint REFERENCES malipo(id),
  oda_id    bigint REFERENCES oda(id),
  kiasi     numeric(10,2) CHECK (kiasi > 0),
  PRIMARY KEY (malipo_id, oda_id)
);
```

Malipo ya Jumamosi ni safu moja kwenye `malipo` na safu mbili kwenye `mgao`. Deni ni jumla ya oda kutoa jumla ya migao. Lakini jedwali hili halizuii kugawa 3,500 kutoka kwenye 3,000, kwa sababu `CHECK` huangalia safu yake tu. Tulilazimika kufunga safu ya malipo kwa `SELECT ... FOR UPDATE` ndani ya muamala, kujumlisha migao iliyopo, kisha ndipo kuongeza mpya.

Kuna shimo jingine nililotumbukia mwenyewe. PostgreSQL haikutengenezei indeksi kwa safuwima yenye ufunguo wa kigeni. Ufunguo mkuu hapo juu unaanza na `malipo_id`, kwa hiyo ukiuliza "oda hii imelipwa kiasi gani?" haukusaidii sana. Miezi ya mwanzo hatukuona kitu, jedwali lilikuwa dogo. Lilipokua, ukurasa wa madeni ukaanza kukokota, na `EXPLAIN` ikaonyesha `Seq Scan on mgao`, yaani jedwali zima lilikuwa linasomwa safu kwa safu. Indeksi moja kwenye `oda_id` ikamaliza kesi.

Na dereva? Oda yake sasa inasomwa kwa kuunganisha majedwali mawili, bidhaa kumi hivi. Ukiwa na indeksi, hawezi kuhisi tofauti. Mtandao wa simu yake ndio humchelewesha.

Waraka haukutupwa wote. Ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha malipo tunauhifadhi mzima, kama ulivyokuja, kwenye safuwima ya `jsonb`. Husomwa mmoja mmoja tu, pakitokea ubishi. Tulichokitoa nje ni `TransID`, namba ya muamala, tukaiwekea `UNIQUE`, maana ujumbe uleule unaweza kuletwa mara mbili na hatutaki mtu apunguziwe deni mara mbili.

Kama wale akina mama wangekuwa wanalipa kila oda papo hapo, pesa kwa mzigo, malipo yangekaa vizuri tu ndani ya oda na ningemwachia mwenzangu mchoro wake.