Arki zenye kufifia kwenye bisektrisi: ziko ao haziko?

Wakati mwalimu anasema "jenga bisektrisi kwa kompa na lati", hatafute tu mustari yenye kupita katikati ya pembe, juu mustari kama huo ata na raporteri unaupata mara moja. Anatafuta arki, zile tao ndogondogo za kompa, juu njo zinaonyesha mutoto alipitia njia gani. Njo maana arki hazifutwake na goma. Na kwenye interogasio banagawaka mara mingi hivi: pwe moja ya arki, pwe moja ya mustari wenye haupite digri 2 pembeni.

Arki za bisektrisi ni hizi: unatia sindano ya kompa kwenye kona, unakata miguu yote mbili ya pembe kwa ufunguo ule ule, kisha unatia sindano pale ulikata, upande moja na upande ingine, unachora arki mbili za ufunguo moja zenye kukutana ndani. Mustari unatoka kwenye kona unapita pale zilikutana.

Sasa tuangalie kesi yenye inasumbua sana. Pembe ya digri 70, kona ni A, muguu AB ni santimetri 7, AC ni santimetri 5. Mutoto fulani wa Kadutu analeta kazi, unatia raporteri, unapata karibu digri 37. Ilitakiwa 35, kwa hiyo iko ndani ya digri 2, mustari ni muzuri. Ndani ya pembe kuko arki mbili zenye kukutana, zimefifia lakini ziko. Unapatia pwe zote mbili? Ngoja kwanza, angalia kama miguu imekatwa na arki yenye kutoka kwenye A. Hakuna. Chukua kompa yako, tia sindano kwenye B, fungua mpaka pale arki zinakutana: santimetri 5. Tia kwenye C: santimetri 5 pia. Mutoto alitia sindano kwenye mwisho wa miguu, na miguu haiko sawa! Ufunguo wa 5 ulimuangukia vizuri, lakini angefungua 6 angepata karibu digri 38, inje kabisa. Miye hapo sipatie pwe ya arki, juu njia haiko ya bisektrisi, ata kama raporteri imekubali. Lakini kama miguu ingekuwa sawa, 6 na 6, njia ile ile ingekuwa ya kweli, juu B na C ziko tayari umbali moja na A, na hapo kudai arki ya kwanza ni kumuonea mutoto bure.

Kuhusu kufifia yenyewe: arki nyepesi ni arki, hakuna mahali imeandikwa eti iwe nyeusi. Ukiona karatasi kama haina kitu, usikimbilie kutia ziro, weka torshi ya telefone chini pembeni ya karatasi, mwangaza upite kwa ubavu, kreyo ya kompa inachimbaka kamufereji kadogo na kanatokea kama kivuli. Kama rangi ya kreyo ingali mule, hata kidogo, hesabu. Kama kamebaki kamufereji tu na hapo pembeni karatasi imechakaa, basi ilifutwa, na hiyo ni mambo ya kuamua mbele ya kukorije, ili karatasi zote zipimwe sawa. Kitundu cha sindano peke yake hakitoshe, kinaonyesha kompa iligusa pale, hakionyeshe ilichora nini. Na usikorije arki kwa foto yenye imetumwa na watsapu, foto inameza kreyo nyepesi, dai karatasi yenyewe.

Kuko pia arki za uongo, mutoto anachora mustari na raporteri kisha anatia tao kwa mukono. Zinajulikana: kompa yako, ukiitia kwenye kitovu chake na kuizungusha, haiifuate ile tao mpaka mwisho, na mara mingi sehemu ya kukutana iko kwenye mustari barabara kupita kawaida lakini umbali wake kutoka pale miguu mbili zilikatwa si sawa.

Kwa mediatrisi ya AB tafuta mikutano mbili, moja juu na moja chini ya mustari, juu mukutano moja haitoshe kujua mustari unaelekea wapi, isipokuwa mutoto amepata katikati kwa njia ingine. Arki hizo zinakutana tu kama ufunguo unapita nusu ya AB. Kwa perpandikileri yenye kutoka kwenye pwe P yenye iko inje ya mustari, tafuta kwanza arki ya P yenye kukata mustari mara mbili, kisha mukutano moja upande wa chini inatosha, juu P yenyewe ni pwe ya pili.