Kazi za mwanzo zisizohusiana: nini kiondolewe kwenye wasifu wa mtu mwenye miaka hamsini na zaidi

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya rasilimali watu jijini Dar es Salaam, na sasa nawasaidia watu waliokaa kazini muda mrefu kuandika upya wasifu wao wa kazi. Jambo ninalolikuta karibu kila mara ni kwamba mtu mwenye utaalamu mkubwa katika fani moja huanza wasifu wake na kazi alizozifanya kabla hajaingia katika fani hiyo. Matokeo yake ni mawili. Anayefanya mchujo hutumia ukurasa wa kwanza kusoma mambo yasiyohusiana na nafasi aliyoitangaza, na wakati huohuo hupata tarehe zinazomwezesha kukadiria umri wa mwombaji kabla ya kujua uwezo wake.

Sheria haiko kimya kuhusu jambo hili. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, kinautaja umri miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kuitumia kumbagua mfanyakazi, na kifungu hicho kinamlinda pia mwombaji wa kazi. Nchini Kenya, Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2010 inautaja umri vilevile. Ugumu uko kwenye ushahidi: mtu ambaye hakuitwa kwenye usaili kwa kawaida haambiwi sababu, na anayechuja maombi anaweza kuathiriwa na umri pasipo mwenyewe kutambua. Kwa hiyo naona ni haki kabisa kwa mwombaji kuamua ni sehemu gani ya historia yake isomwe kwanza, mradi asiandike uongo.

Nitaeleza kazi hii kwa mfano wa mama mmoja, mtaalamu wa ununuzi na ugavi aliyezaliwa mwaka 1973, ambaye nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa anatafuta nafasi ya mkuu wa ununuzi katika kampuni binafsi. Wasifu wake ulikuwa na kurasa nne, ukiwa umepangwa kuanzia zamani kuja sasa. Alianza na ualimu wa muda katika shule ya msingi, 1994 hadi 1996, kisha mapokezi katika hoteli, 1996 hadi 1999, halafu msaidizi wa ghala katika kampuni ya vinywaji, 1999 hadi 2002. Ununuzi wenyewe ulianza mwaka 2002 katika kampuni ya ujenzi, ukaendelea kuanzia 2009 katika shirika la afya lisilo la kiserikali, na tangu 2016 amekuwa meneja wa ununuzi na ugavi katika kiwanda cha vifungashio. Kazi hii ya mwisho, ambayo ndiyo ingempa nafasi anayoitaka, ilikuwa ukurasa wa tatu.

Wengi wanaofika kwangu wamesikia kanuni ya kuacha kila kilichopita miaka kumi au kumi na mitano. Ni kanuni inayosaidia, lakini mimi huanza na swali jingine: je, kazi hii inathibitisha jambo lolote ambalo tangazo linaliomba? Miaka huja baadaye, kuamua urefu wa maelezo. Mapokezi ya hoteli hayakuthibitisha chochote kuhusu mikataba, zabuni au usimamizi wa wazabuni, kwa hiyo yaliondoka bila mjadala. Ualimu ulihitaji kufikiriwa, kwa sababu mkuu wa ununuzi hufundisha walio chini yake, na mwenyewe aliuthamini sana. Nilipomuuliza zaidi nikakuta kwamba kiwandani aliandaa mafunzo ya watunza ghala na taratibu za kupokea mali. Ushahidi huo ni wa karibuni, uko ndani ya fani, na unasema kilekile ambacho ualimu wa 1994 ungesema, tena kwa nguvu zaidi. Tukauandika chini ya kazi ya sasa na ualimu ukaondoka.

Ghala lilikuwa suala tofauti. Ni kazi ya zamani, lakini inahusiana moja kwa moja na ugavi, na mwajiri wa kiwanda hupenda kuona kwamba mkuu wa ununuzi amewahi kuhesabu mali kwa mikono yake na kujaza leja. Kazi ya namna hii naibakiza kwa sentensi moja mwishoni mwa orodha, bila miaka. Tuliandika hivi: «Kazi za awali: upokeaji wa shehena na utunzaji wa ghala, kampuni ya vinywaji.» Kazi ya ujenzi ilipewa mistari mitatu, ya shirika la afya aya fupi, na ile ya kiwandani ikapewa karibu nusu ukurasa. Humo tulieleza namna kiwanda kinavyoshiriki zabuni za taasisi za umma kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na mabadiliko aliyoyafanya baada ya Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo. Ujuzi wa mambo ya karibuni ndio jibu la wasiwasi ambao mwajiri huwa nao juu ya mtu mzima, na kwa hiyo nafasi iliyoachwa na hoteli na shule ilijazwa nao.

Hapo ndipo wengi huacha, wakiamini kazi imekwisha, ilhali umri bado umeandikwa mahali pengine. Kwetu Afrika Mashariki sehemu inayoutoa wazi kuliko zote ni elimu. Wasifu mwingi bado huorodhesha elimu ya msingi, na yeye alikuwa ameandika «1981–1987» mbele ya jina la shule yake. Asomaye akijua kwamba watoto wengi huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba au minane, ameshapata mwaka wa kuzaliwa. Mtaalamu mwenye shahada hana sababu ya kutaja darasa la saba wala kidato cha nne kwenye wasifu anaoupeleka kampuni binafsi. Kwa Wakenya hata jina la mtihani linatosha: KCSE ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na huo ndio mwaka wa mwisho wa mtihani wa kidato cha sita wa KACE, kwa hiyo anayetaja KACE ametaja umri wake bila kuandika tarehe yoyote.

Mwaka wa shahada nao huamuliwa kwa mtu mmoja mmoja. Aliyehitimu akiwa kijana na ana miaka thelathini kazini, namshauri abakize jina la shahada na chuo bila mwaka, maana akibakiza mwaka 1995 kwenye shahada na kazi ya kwanza ikaonekana mwaka 2008, atakuwa ametengeneza pengo la miaka kumi na mitatu, na pengo huzua maswali mabaya kuliko umri. Mama huyu alisoma shahada yake jioni akiwa kazini na kuhitimu mwaka 2007. Kwake mwaka huo ulikuwa na faida, tukaubakiza. Cheti chake cha kitaaluma, CPSP, alikipata mwaka 2011 kutoka PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, nacho kilibaki na mwaka wake. Kama angekuwa na cheti cha NBMM, bodi iliyotangulia, ningemshauri ataje usajili wake wa sasa tu.

Baada ya elimu nikapitia mambo madogo. Tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa na dini, ambazo wengi tumezoea kuziweka juu kabisa, ziliondolewa. Anwani ya barua pepe ilikuwa na tarakimu 73 baada ya jina, akafungua nyingine. Kwenye orodha ya ujuzi kulikuwa na upigaji taipu na matumizi ya faksi, navyo vikaondoka. Na sentensi ya utangulizi ilisema ana uzoefu wa takriban miaka thelathini. Tuliibadilisha kuwa «zaidi ya miaka 15 katika ununuzi na ugavi», kauli ambayo ni kweli, na ambayo inatosheleza matangazo mengi ya ngazi hiyo. Ni muhimu kusoma tangazo kabla ya kupunguza: likitaka miaka ishirini ndani ya fani, basi kazi ya 2002 ni lazima ionekane na tarehe zake.

Wasifu wa LinkedIn unapaswa kulingana na ule wa karatasi, kwa sababu anayechuja huenda akaufungua akiwa ameshika ule mwingine. Kabla ya kufuta chochote, pakua nakala kwa `Save to PDF`, kisha nakili pembeni barua za mapendekezo zilizoandikwa na watu wa kazi unazotaka kuziondoa. Ndipo ufute kazi moja moja katika `Experience`, na katika `Education` usiweke miaka pale ambapo hukuiweka kwenye karatasi.

Kuna mahali ambapo ushauri huu haufanyi kazi, na mtu akiulazimisha atajiumiza. Maombi ya utumishi wa umma hapa Tanzania ni mojawapo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka ukomo wa umri, mara nyingi miaka 45, na huagiza mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Hapo hakuna la kuficha. Vivyo hivyo kwa fomu yoyote inayoagiza kazi zote zitajwe na mwombaji atie saini kuthibitisha. Wasifu ni uteuzi wako mwenyewe, lakini fomu ni tamko, na kuacha kazi kwenye tamko kunaweza kuwa sababu ya kufukuzwa hata baada ya kuajiriwa.

Kwa sababu hiyo humwachia kila mteja hati mbili. Moja ni wasifu uliopunguzwa, wa kurasa mbili, na nyingine ni orodha kamili ya kazi zote tangu ya kwanza, ikiwa na miezi ya kuanza na kuacha, vyeo, na majina ya wasimamizi. Orodha hiyo haitumwi pamoja na maombi. Hutolewa pale kampuni inapoanza uhakiki wa taarifa, kwa kawaida baada ya usaili, na humsaidia mwombaji kujibu bila kubabaika akiulizwa alifanya nini kabla ya mwaka 2002. Mama huyu tuliandaa jibu lake mapema: kwamba alifundisha, akafanya kazi hotelini, kisha akaingia ghalani, ambako ndiko alikoupendea ugavi. Ni sentensi moja, ni kweli tupu, na anayeisikia ameshamfahamu kwa kazi yake ya leo.