Moshi unakatwa na sakafu kama mkate: mambo ya uongo tunayoambiana

Nimekuwa nikitengeneza kaeneo kadogo ka gemu, stendi ya nyama choma hivi kama zile za Kenyatta Market, jiko moja, viti vya plastiki, sakafu ya simiti. Moshi ulikuwa poa hadi ukaangalia chini, pale unapogusa simiti kuna mstari umenyooka kabisa ni kama mtu amepitisha kisu. Nikauliza wasee, kila mtu akanipa jibu lake na karibu yote yalikuwa yamekosea kiasi, so wacha niyapange hapa.

"Ni tekscha yako, ongeza blari kwa kingo"

Hii ndio ya kwanza kila mtu husema. Niliblari hadi moshi ukakaa pamba na mstari bado uko. Shida haiko kwa picha. Moshi wa gemu si moshi, ni mabango bapa ya pembe nne yanayogeukia kamera, na bango likizama kwa sakafu, ile testi ya kina inafanya kazi yake tu: pikseli iliyo mbele ya sakafu inachorwa, iliyo nyuma inatupwa. Hakuna nusu nusu. Kwa hivyo mstari unatokea popote bango linapokutana na simiti, na mara nyingi hapo ni karibu na katikati ya picha ambapo moshi ni mzito, kingo zako laini ziko mbali huko chini ya ardhi hazionekani.

"Basi zima testi ya kina"

Ukizima, mstari unaenda kweli. Lakini sasa moshi wa jiko lililo nyuma ya ukuta unaonekana mbele ya ukuta. Tusipoteze wakati hapa.

Kinachofanya kazi ni kuuliza, kwa kila pikseli ya moshi, kitu kigumu kilicho nyuma yake kiko mbali aje? Kama pengo ni dogo, punguza alfa, ile namba ya moshi uonekane kiasi gani. Ni mistari michache tu, hapa ni kwa URP ya Unity:

```
float raw    = SampleSceneDepth(screenUV);
float sakafu = LinearEyeDepth(raw, _ZBufferParams);
float pengo  = sakafu - IN.eyeDepth;
col.a *= saturate(pengo / _FadeDistance);
```

Pengo likiwa sifuri alfa ni sifuri, kwa hivyo moshi umeshaisha kabla kisu hakijafika. Kwa Unreal ni nodi ya `DepthFade`, kwa Godot unawasha `proximity_fade_enabled` kwa matirio, wazo ni lile lile.

"Huo mstari wa pili wa nini, si utoe tu namba moja kwa nyingine"

Mimi mwenyewe niliuruka. Namba iliyo kwa bafa ya kina, pale umbali wa kila pikseli kutoka kamera unapowekwa, si mita, imebanwa: karibu na kamera inapewa nafasi kubwa na mbali inapewa makombo. Chukua kamera yenye mwanzo wa 0.1 na mwisho wa mita 100. Pengo la nusu mita ukiwa mita 5 kutoka kamera ni kama 0.0018 ndani ya bafa. Pengo hilo hilo la nusu mita ukiwa mita 50 ni kama 0.00002. Karibu mara 90 tofauti! Ndio maana yangu ilikuwa sawa kabisa kwa jiko la karibu, halafu moshi wa jiko la ule upande mwingine wa soko ukapotea wote, nikadhani patiko, yale mabango ya moshi, hazitoki. Kwa hivyo geuza zote mbili ziwe mita kwanza, ndio utoe. (Kamera ya ochografiki ni kesi tofauti, hapo kina hakijabanwa hivyo na `LinearEyeDepth` itakupa upuzi.)

"Ukiweka umbali mkubwa wa kufifia ndio inakuwa laini zaidi"

Hapa ndio nilipoteza wikendi yangu, so nitakaa kidogo. Watu wanadhani umbali wa kufifia, ile `_FadeDistance`, ni urefu kutoka sakafuni. Sio. Ni pengo lililopimwa kuelekea kule kamera inaangalia, na hiyo inabadilika na pembe ya kamera.

Fikiria kamera iko urefu wa mtu, mita 1.7, inaangalia mbele, na bango la moshi limesimama mita 6 mbele. Pikseli ya moshi iliyo sentimita 10 juu ya simiti, ukiendelea na mshale wa jicho hadi ugonge sakafu nyuma, unapata pengo si sentimita 10, ni kama sentimita 37. Ukiweka umbali wa 0.5, moshi unafifia kwa sentimita 13 za chini tu, juu ya hapo uko kamili. Poa sana, ndio unataka. Ukiweka 3 kwa sababu unataka "laini zaidi", kufifia kunapanda hadi sentimita 57, na moshi wangu mwingi ulikuwa unatambaa chini ya hapo, so nikabaki na kivuli cha moshi.

Sasa inua kamera iangalie chini moja kwa moja. Bango linalala sambamba na sakafu, na moshi ulio sentimita 30 juu una pengo la sentimita 30 kila mahali. Kwa 0.5 unabaki na asilimia 60 ya alfa. Kwa 3 unabaki na asilimia 10, bango zima. Hakuna mstari, ni kweli, lakini pia hakuna moshi. Kama gemu yako inaruhusu kamera kuzunguka, jaribu namba yako ukiwa chini na ukiwa juu kabla useme imekubali. Mimi nilimalizia na 0.4.

"Ukishatiki ile boksi imeisha"

Si lazima. Boksi ya `Soft Particles` inasoma picha ya kina, yaani nakala ya ile bafa, na hiyo picha lazima iwe imewashwa kwa URP Asset, `Depth Texture`. Halafu sakafu yenyewe lazima iwe ndani ya hiyo picha. Yangu ilikuwa na shada, ile kodi ya kuchora, niliyojiandikia bila pasi ya `DepthOnly` inayoandika kina, kwa hivyo kwa skrini iko lakini kwa picha ya kina haiko, shada ya moshi inaona mbali huko nyuma, inasema pengo ni kubwa, na mstari unabaki pale pale. Njia ya kujua haraka ni kutoa ile namba ya kufifia kama rangi badala ya moshi: ukiona nyeupe tupu hadi kwa mstari, sakafu haiko kwa picha. Ukiona nyeusi inayoingia nyeupe polepole, shada iko sawa, tafuta shida kwingine.

Na kama ni moto au cheche zinazojumlishwa tu, `Blend One One`, kupunguza alfa hakufanyi kitu, zidisha rangi.

"Kwa simu haiwezekani"

Inawezekana ila si bure, chipu za simu zinachora vipande vipande na zinapenda kuacha kina ndani ya chipu, ukitaka kukisoma kama picha lazima kiandikwe nje kwa memori. Kwa simu ya bei ya chini niliacha kufifia kabisa nikainua moshi: mabango yana upana wa mita 1.2, picha ni duara, kwa hivyo kitovu kikikaa sentimita 60 juu ya simiti hakuna kinachogusa chini. Kama picha yako inajaza hadi kona na inazunguka, inua hadi 85.