Maneno ya kujazia: nianzie wapi kukata?

Mswada ukifika mezani kwangu, sigusi tahajia, sinyooshi sentensi, sihangaiki na nukta wala mkato. Kwanza natafuta maneno ya kujazia. Sababu yake ni ya kikazi tu: ukitumia robo saa kuipamba sentensi ambayo baadaye utaifuta, robo saa hiyo imekwenda bure. Tena ukishaipamba utaionea huruma, na haitatoka.

Tuchukue aya moja. Nimeitunga mwenyewe, lakini anayehariri ripoti ataitambua mara moja:

"Katika ulimwengu wa sasa unaobadilika kwa kasi kubwa, ni jambo lisilopingika kwamba maktaba ina umuhimu mkubwa katika maisha ya kila siku ya mwanadamu. Ikumbukwe kwamba vitabu vingi vinavyoazimwa huchelewa kurudishwa. Wasomaji wengi huwa hawarudishi vitabu kwa wakati uliopangwa. Inawezekana labda kwa kiasi fulani sababu mojawapo ikawa ni kwamba tarehe ya kurudisha huandikwa ndani ya jalada la nyuma, mahali ambapo msomaji haangalii. Hali hii ya ucheleweshaji wa vitabu imekuwa ikisababisha wasomaji wengine kuweza kukosa vitabu wanavyovihitaji. Kwa hiyo, ni vyema tarehe ikaandikwa kwenye alamisho."

Ni maneno 83. Naanza na ufunguzi kwa kuwa ndio rahisi kuukamata. Toa neno "maktaba" katika sentensi ya kwanza, weka "michezo", au "maji", au "hesabu". Sentensi inasimama vilevile. Sentensi inayokubali mada yoyote haijasema lolote kuhusu mada hii, kwa hiyo inaondoka yote, bila kubakiza kipande. "Ikumbukwe kwamba" nayo inaifuata. Msomaji hawezi kukumbuka jambo ambalo ndiyo kwanza anaambiwa, na hata kama analijua, kumwamuru akumbuke hakumwongezei kitu. Ndugu zake ni "ni muhimu kutambua kuwa", "kama tunavyofahamu" na "hapana shaka kwamba". Zote hukaa mlangoni mwa sentensi, na mara nyingi sentensi yenyewe huanza baada ya "kwamba" au "kuwa". Ndiyo maana, ninapopitia mswada mrefu, macho yangu hutafuta kwanza maneno hayo mawili, kisha hutazama nyuma yake kuona kilichosimama hapo.

Marudio yanataka utulivu zaidi, kwa sababu mwandishi hujirudia kwa maneno mengine. Ukisoma kwa kasi unahisi hoja inasonga mbele, kumbe imesimama. Dawa yangu ni pambizo. Kando ya kila sentensi naandika kwa maneno mawili au matatu kile inachosema. Kwenye aya yetu, sentensi ya pili inapata "vitabu vinachelewa". Ya tatu inapata "vitabu vinachelewa". Ya nne, "sababu: tarehe haionekani". Ya tano, "wengine wanakosa". Ya sita, "pendekezo: alamisho". Noti mbili zikifanana, sentensi moja lazima itoke.

Itoke ipi? Wengi hubakiza ile iliyopangika vizuri masikioni. Mimi nabakiza ile yenye jambo mahususi ambalo mwenzake hana. Hapa ya pili inataja vitabu vinavyoazimwa, na ya tatu haiongezi chochote, kwa hiyo inakwenda ya tatu. Kama hiyo ya tatu ingesema wanaochelewesha ni wasomaji wapya tu, isingekuwa marudio hata kidogo, ingawa noti zake zingekaribiana. Kwa hiyo noti iwe fupi, lakini isiwe fupi kiasi cha kumeza tofauti.

Kuna marudio madogo ndani ya sentensi moja pia: "sababu iliyosababisha", "rudia tena", "malengo na madhumuni". Hayo hayahitaji pambizo. Ila usikate kila jozi unayoiona. "Haki na wajibu" ni vitu viwili. Na katika maelekezo ya usalama au ya kutumia dawa, onyo linalorudiwa pale pale linapohitajika liache lilivyo.

Maneno ya kujihami ndiyo ninayoyaacha mwisho, na hapo ndipo wahariri wapya huharibu. Wakishaambiwa kwamba "labda" na "huenda" ni udhaifu, wanayafyeka yote, na mwandishi aliyekuwa anakisia anageuka kuwa anayethibitisha. Huo ni uongo ulioletwa na mhariri. Sentensi ya nne ina "inawezekana", "labda", "kwa kiasi fulani" na "mojawapo". Ninajiuliza kila moja linalinda nini. "Inawezekana" na "labda" yanalinda kitu kimoja: mwandishi hana hakika kwamba hiyo ndiyo sababu. Linatosha neno moja, nami naweka "huenda", likae karibu kabisa na sababu yenyewe. "Mojawapo" linalinda kitu kingine: kwamba zipo sababu nyingine. Hilo linabaki. "Kwa kiasi fulani" limebeba kazi ambayo "mojawapo" tayari inaifanya, basi linatoka. Kuhusu "kuweza kukosa", hapo hakuna shaka inayolindwa. Wasomaji wanakosa vitabu. "Kuweza" ni mazoea ya kalamu tu, sawa na "aliweza kufika" kwa mtu ambaye alifika bila taabu yoyote.

Baada ya hayo aya inakuwa hivi:

"Vitabu vingi vinavyoazimwa huchelewa kurudishwa, na wasomaji wengine huvikosa. Huenda sababu mojawapo ni kwamba tarehe ya kurudisha huandikwa ndani ya jalada la nyuma, mahali ambapo msomaji haangalii. Tarehe iandikwe kwenye alamisho."

Maneno 31. Angalia kwamba madhara nimeyapandisha juu, yakae karibu na tatizo. Hapo "huvikosa" inaeleweka, kwa sababu vitabu vimetajwa punde tu. Ningeiacha baada ya sentensi ya jalada na tarehe, ningelazimika kuvitaja vitabu upya. Baada ya kila ukataji pitia vionyeshi na viunganishi: "hali hii", "hilo", "hivyo", "kwa hiyo". Kinachotokea mara kwa mara ni kwamba sentensi iliyokuwa ikionyeshwa imefutwa, na "hilo" limebaki likielekeza hewani. Ukisoma kwa sauti utalisikia kabla hujaliona.

Lakini tazama kilichojitokeza baada ya aya kupungua. Vitabu "vingi" ni vingapi? Na nani aliona kwamba msomaji haangalii jalada la nyuma? Maswali hayo yalikuwepo tangu mwanzo, ila kwenye maneno 83 hayakuonekana, yalifunikwa. Kwangu hii ndiyo faida kubwa ya kazi yote, kuliko hata ufupi. Mwandishi hujazia zaidi pale anapokosa data, kwa hiyo aya iliyojaa kupita kiasi naisoma kama alama ya mahali pa kuchimba.

Maswali hayo siyajibu mimi. Naandika pambizoni: "Taja idadi kutoka daftari la kuazima, au toa 'vingi'. Je, wasomaji waliulizwa kuhusu tarehe, au ni dhana yako?" Akijibu kwamba waliulizwa, "huenda" inaweza kutoka, na jibu lao linaingia mahali pake. Akijibu ni dhana, "huenda" inabaki, na pendekezo la mwisho nalo linashushwa kidogo: tarehe ijaribiwe kwenye alamisho kwa muda, kisha vihesabiwe vitabu vilivyochelewa kabla na baada.