Kidonge cha miligramu 300 kina chuma kiasi gani?

Nina ujauzito na nimeambiwa nimeze miligramu 60 za madini ya chuma kila siku. Lakini kopo la vidonge nilivyopewa limeandikwa feras salfeti miligramu 300. Si ninameza mara tano ya kile nilichoambiwa?

Hapana, dada, dozi yako iko sawa. Miligramu 300 ni uzito wa kampaundi nzima, na ndani yake chuma ni sehemu tu. Kilichobaki ni salfa, oksijeni na maji.

Feras salfeti ya aina hii huandikwa FeSO4·7H2O, maana yake kila chembe moja ya chumvi hiyo imeshikamana na molekuli 7 za maji. Tukitumia uzito wa atomu uliokadiriwa, chuma ni 56, salfa 32, na oksijeni nne ni 64. Hapo tumefika 152. Molekuli moja ya maji ni 18, kwa hiyo saba ni 126. Jumla ni 278.

Sasa gawa sehemu ya chuma kwa uzito wote: 56 ÷ 278 = 0.201, yaani asilimia 20.1. Asilimia hiyo haibadiliki, uwe umeshika kidonge kimoja au gunia zima, ndiyo maana unaweza kuizidisha kwa uzito wowote ulio nao. Kwako wewe: 300 × 0.201 = 60.3. Ndizo zile miligramu 60 ulizoambiwa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kusahau maji. Akigawa 56 kwa 152 anapata asilimia 36.8, kisha kidonge kilekile anakihesabia miligramu 110 za chuma. Jibu likikujia kubwa namna hiyo, rudi kwenye fomula uangalie kama ile 7H2O umeiweka.

Dada yangu anameza vya miligramu 200, naye kaambiwa chuma chake hakipungui changu. Inawezekanaje?

Inawezekana, kwa sababu ya maji yaleyale. Vidonge vingi vya miligramu 200 hutengenezwa kwa feras salfeti iliyokaushwa. Ukaushaji huondoa sehemu kubwa ya maji, na kwa makadirio hubaki molekuli moja, FeSO4·H2O. Uzito wake ni 152 + 18 = 170, na 56 ÷ 170 ni karibu asilimia 33. Zidisha kwa 200 upate takriban miligramu 66. Kidonge chake ni chepesi, lakini chuma chake kinazidi chako kidogo.

Kinyume chake pia kipo. Feras glukoneti ina chuma asilimia 12 hivi tu, kwa hiyo kidonge chake cha miligramu 300 kinakupa kama miligramu 35. Ukibadilishiwa aina ya vidonge, usilinganishe namba kubwa iliyo mbele ya kopo. Tafuta palipoandikwa kiasi cha chuma chenyewe, na pasipoandikwa muulize mfamasia.

Mtoto wa jirani alimeza vidonge vya mama yake. Hospitali walimpima uzito, wakauliza ni vidonge gani na vingapi. Walikuwa wanatafuta nini?

Walikuwa wanafanya hesabu hii hii. Sumu ya chuma hupimwa kwa miligramu za chuma chenyewe kwa kila kilo ya mwili. Tuseme mtoto ana kilo 10 na amemeza vidonge 10 kama vyako. Kampaundi ni miligramu 3,000, chuma ni 3,000 × 0.201, kama 600. Gawa kwa kilo 10: miligramu 60 kwa kilo. Kuanzia 20 kwenda juu sumu hutarajiwa kuonekana, na ikivuka 60 maisha yake yako hatarini.

Vingekuwa vidonge 10 vya glukoneti vya miligramu 300, hesabu ingeishia karibu 35 kwa kilo. Idadi ni ileile na namba ya kopo ni ileile, ila hatari imetofautiana sana. Kwa hiyo ukimkimbiza mtoto, nenda na kopo lenyewe pamoja na vidonge vilivyobaki ili vihesabiwe.

Hesabu hiyo waachie wao. Usikae nyumbani ukipiga asilimia ili uamue kama mtoto apelekwe au asubiri, kwa sababu mara nyingi hujui kwa hakika amemeza vingapi. Wala usitulizwe na kutapika kulikokoma. Baada ya saa chache za kutapika na kuharisha, mtoto mwenye sumu ya chuma anaweza kuonekana amepata nafuu, hata akacheza, huku chuma kikiendelea kuharibu ini na kudhoofisha moyo. Mpeleke palepale unapogundua, hata kama bado hajatapika.