Kalenda ya ukutani: neno likivuka mstari, ni la tarehe ipi?

Nenda kwa fundi cherehani yeyote Magomeni au Manzese, tazama ukutani juu ya mashine. Kuna kalenda ya bure kutoka duka la vitambaa, na ndani ya visanduku vyake kuna oda, advansi, luku na safari. Mwaka ukiisha, mtu anapewa kazi ya kuyaingiza maandishi hayo kwenye kompyuta. Wengi huleta kazi hiyo steshenari wakidhani ni ya nusu saa, na dhana zao kuhusu namna ya kuifanya ndizo zinazoharibu hesabu. Mifano yangu ni ya ukurasa wa Oktoba 2024, kalenda inayoanzia Jumapili.

“Neno ni la kisanduku lilimo.”

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote. Kisanduku ni kidogo, mkono wa mtu ni mkubwa, na mwandishi hasimami kwa sababu amefika kwenye mstari.

Chukua Alhamisi tarehe 17. Mstari wa kwanza wa maandishi unasomeka “sare 6 za harusi” na umetosha vizuri. Wa pili unasema “adv 60 salio”, na o ya mwisho imegusa mpaka. Upande wa pili, ndani ya Ijumaa tarehe 18, kuna neno “Ijumaa”, na chini yake kabisa, kwa herufi za kubana, “luku 10”.

Anayenakili kwa kufuata visanduku ataandika tarehe 17 “adv 60 salio”, na tarehe 18 “Ijumaa luku 10”. Atakayesoma baadaye anaweza kuelewa kwamba mteja anadaiwa salio la elfu sitini. Kumbe elfu sitini ni advansi iliyokwisha kulipwa, na salio, ambalo kiasi chake hakikuandikwa, lilikuwa liletwe Ijumaa.

Utajuaje kwamba “Ijumaa” ni la tarehe 17? Kwanza, hakuna anayeandika “Ijumaa” ndani ya kisanduku cha Ijumaa wakati siku imeshachapwa juu ya safu. Pili, angalia namba ya tarehe iliyochapwa. Mtu anayeanza maandishi ya siku fulani huikwepa namba, anaanza chini yake au pembeni. Maneno yaliyovuka kutoka kwa jirani hayana adabu hiyo, na hapa I ya “Ijumaa” imepita juu ya 18. Tatu, weka rula chini ya “adv 60 salio”. Maandishi yanapanda kidogo kuelekea kulia, na “Ijumaa” limekaa kwenye mteremko uleule, kwa kalamu ileile ya bluu. “Luku 10” ni ya kalamu nyeusi na imenyooka.

Ule ubanaji nao una habari yake. “Luku 10” imesukumwa kona ya chini kwa sababu juu palikuwa pameshajaa, kwa hiyo neno “Ijumaa” lilitangulia. Herufi zinazopungua ukubwa zikikaribia maneno mengine ndizo zilizochelewa kufika.

Kuhusu ni Ijumaa ipi, ya tarehe 18 au 25, kalenda haisemi. Usiijibie.

“Maandishi huvuka kwenda kulia tu.”

Hadi ufike Jumamosi. Pale hakuna jirani wa kulia, kuna ukingo wa karatasi. Mwandishi ana njia mbili: kupandisha maneno wima kwenye ukingo, au kushuka chini. Akishuka, anaingia Jumamosi ya wiki inayofuata. Kosa la kuvuka pembeni linakupoteza siku 1, la kushuka linakupoteza siku 7, na hilo la pili ndilo gumu kulishtukia kwa sababu jina la siku linabaki lilelile. Kwenye ukurasa wetu, tarehe 19 inasema “kitenge doti 4 kwa”, na jina la mteja limeangukia juu kabisa ya kisanduku cha 26. Sentensi inayoishia “kwa” haijaisha, kwa hiyo tafuta mwisho wake pande zote.

Siku zilizochapwa sikukuu huvuka zaidi. Jumatatu tarehe 14 nusu ya kisanduku imeliwa na maandishi ya kiwandani ya kumbukumbu ya Nyerere. Maneno hayo hayanakiliwi kama noti, ila yanaeleza kwa nini mkono ulikimbilia tarehe 15.

Na kuna visanduku vya tarehe mbili. Juni 2024 ilianza Jumamosi, kwa hiyo kwenye kalenda zenye safu tano za wiki Jumapili 23 na 30 zimewekwa pamoja. Noti ya humo isiyo na mshale wala duara unaipa tarehe zote mbili na alama ya kuuliza.

“Kilichopita visanduku vitatu ni cha siku tatu.”

Pengine ndiyo, pengine hapana. Safari ya siku kadhaa huchorwa: neno moja, kisha mstari mrefu wenye ncha au kikomo. Noti iliyovuka haina mstari, ina maneno yanayoendelea kwa nafasi za kawaida. Alhamisi tarehe 10 imeandikwa “Tanga” na mstari unakwenda hadi ukingoni Jumamosi 12, kisha unatokea tena safu ya chini kuanzia Jumapili 13 na kukomea Jumatatu 14. Ni safari moja, ingawa mwenye haraka ataandika mbili.

“Kata picha ya kila kisanduku, gawaneni kwenye WhatsApp.”

Hapo umekata maneno kwa mkasi. Piga picha ya ukurasa mzima ukiwa umesimama mbele yake, kisha za karibu, kila moja ikibeba visanduku viwili au vitatu vinavyopishana. Zima flashi, karatasi hizi zinang'aa. Mwanga wa dirishani ukitokea ubavuni unaonyesha hata mikwaruzo ya kalamu iliyokauka wino.

“Jedwali lifanane na kalenda, nguzo saba.”

Ukifanya hivyo unarudisha tatizo ulilotoka nalo. Kila noti ipewe mstari wake:

```
kuanzia,hadi,maneno,kalamu,maelezo
2024-10-10,2024-10-14,"Tanga",bluu,"mstari hadi 14"
2024-10-17,2024-10-17,"sare 6 za harusi / adv 60 salio Ijumaa",bluu,"Ijumaa limo ndani ya 18"
2024-10-18,2024-10-18,"luku 10",nyeusi,""
```

Alama ya / inaonyesha mwandishi aliposhuka mstari. Neno lisilosomeka liwe [..], lenye shaka lifuatwe na [?].

“Ukinakili, rekebisha ueleweke.”

Kwenye safu ya maneno, hapana. “60” ibaki 60, tafsiri ya elfu sitini iende kwenye maelezo. Saa ndizo hatari zaidi: “saa 4” ni saa nne ya asubuhi au ya usiku, na vijana wengine wanaandika kwa kufuata simu, wakimaanisha saa kumi jioni. Ukishaigeuza kuwa 10:00, aliyeandika hataweza kukusaidia, maana hataona alichoandika.

Vile visanduku vitupu vya mwisho wa Oktoba, baada ya Alhamisi 31, hujazwa namba za simu na vipimo vya viuno. Havina tarehe. Acha kuanzia na hadi wazi, andika tu vilikuwa wapi kwenye ukurasa.