Mkataba wa chumba kimoja: yanayosemwa uani na yanayofaa kuandikwa

Steshenari yangu ipo Mwanga, Kigoma. Wanaokuja kuchapa mkataba wa chumba huwa wameshasikia mengi kwa dalali, na mengi hayako sawa.

Dhana: Mkataba usio na muhuri wa mwanasheria ni karatasi tu.

Kwa pango lisilozidi mwaka mmoja, Sheria ya Ardhi inakubali hata makubaliano ya mdomo. Karatasi ni ushahidi wa mlichokubaliana. Sahihi mbili na shahidi kila upande zinatosha, na mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi ni vizuri zaidi. Kiswahili kiwe cha kawaida. "Mpangaji tajwa hapo juu" hakimsaidii mtu.

Dhana: Kodi ni ya mwezi, kwa hiyo inaanza tarehe moja.

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Chukua chumba cha Gungu cha sh 40,000 kwa mwezi. Kijana kalipa miezi mitatu, sh 120,000, akaingia tarehe 12 Machi 2025. Tarehe 1 Juni mama mwenye nyumba kagonga: "Mwanangu, kodi imeisha." Kwa hesabu yake, Machi, Aprili na Mei ni miezi mitatu. Kwa hesabu ya kijana, bado siku kumi na moja. Kila mmoja ana hoja, kwa sababu mkataba wao uliandika "miezi mitatu" na kunyamaza. Mimi ningeandika hivi:

"Mpangaji anaingia tarehe 12 Machi 2025. Kodi aliyolipa, sh 120,000, inaishia tarehe 11 Juni 2025. Kodi inayofuata italipwa tarehe 12 Juni. Akichelewa zaidi ya siku saba, mwenye nyumba anaweza kutoa notisi."

Ukiandika tarehe ya kuanza na ya kuisha, hakuna tena cha kuhesabu kwa vidole.

Dhana: Umeme tunachanga sawa, yameisha.

Kuchanga sawa kunafaa kama wote mna taa na chaji ya simu. Akiingia mwenye friji au jiko la umeme, mchango unageuka vita. Dawa nzuri ni submita kwa kila chumba. Mkataba utaje usomaji wa siku ya kuingia (mfano, "submita inasoma 0482") na nani anakusanya hela za LUKU. Kama hakuna submita, andikeni vifaa vilivyomo chumbani na kiasi cha kila mmoja.

Kuna jambo wengi hawalioni. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hukatwa kwa anayenunua wa kwanza mwezi huo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Kwenye uwanja wa vyumba sita, yule mwenye haraka ya umeme tarehe moja ndiye anayeumia kila mwezi, na anadhani mtandao umemla. Sentensi moja inatosha: "Kodi ya jengo itakayokatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye kodi ya pango ya aliyenunua." Maji ni rahisi zaidi: ankara igawanywe kwa idadi ya watu, si ya vyumba.

Dhana: Nyumba ni yake, anaweza kukataza wageni.

Ukishakipanga, chumba ni chako kukaa kwa utulivu. Ila mgeni wa miezi miwili si mgeni tena, maana anatumia choo na maji ya wote. Wekeni kikomo, mfano siku saba, zaidi ya hapo mwenye nyumba aambiwe. Kwa Kigoma ningeongeza kwamba mgeni kutoka Kongo au Burundi awe na hati zake za kusafiria, maana akiulizwa, anayesumbuliwa ni uwanja mzima.

Dhana: Ukipewa notisi, kodi uliyolipa imekwenda.

Mkataba ukinyamaza kuhusu muda wa pango na notisi, sheria hutazama kipindi cha malipo ya kodi, na notisi haiwi fupi kuliko hicho. Sasa kwa anayelipa miezi mitatu kwa mkupuo, ni mwezi au mitatu? Msiache swali hilo likajibiwe barazani. Andikeni: "Atakayetaka kuvunja mkataba atatoa notisi ya maandishi ya siku 30. Mwenye nyumba akiuvunja yeye, atarudisha kodi ya siku zilizobaki."

Turudi Gungu. Tuseme notisi ilitoka kwa mama tarehe 2 Mei. Kijana anahama tarehe 1 Juni, na kodi yake ilifika tarehe 11. Siku kumi zimebaki, na mwezi ukihesabiwa siku 30, anarudishiwa sh 13,333. Notisi yenyewe iwe na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Kufuli jipya mlangoni si notisi.